Drafti, Jino la Mbwa au Korosho? Kutambua Pambo la Kitambaa kwa Kuhoji Nyuzi Zake

Wiki tatu kabla ya Idi, mteja wangu mmoja aliingia kibandani kwangu Chake Chake na kitambaa kimekunjwa ndani ya karatasi. Alikuwa amekiagiza Unguja, mpwa wake akakinunua madukani Darajani na kukipakia kwenye boti. Wari tatu, upana inchi 58. Akanifungulia simu, akanionesha picha ya mwanamke aliyevaa sketi na koti la rangi nyeusi na nyeupe, yale maua yaliyochongoka kama meno.

"Fundi, nataka hii hii. Kitambaa ndicho chenyewe, hebu tazama."

Nikakigeuza nyuma. Upande wa ndani ulikuwa mweupe uliochafuka kijivu, maua yakionekana kwa mbali kama kitu kilicho nyuma ya pazia.

"Mama, hiki hakikufumwa hivi. Kimepigwa chapa."

"Kwani kuna tofauti gani, na maua ni yale yale?"

Swali lake ni la haki, na mwongozo huu wote ni jibu lake. Huku kwetu neno drafti limebeba kila chenye miraba: shati la mwanafunzi, shuka la Mmasai wa ufukweni, suti ya bwana harusi. Lakini majina kama gingamu, tartani, jino la mbwa na miiba ya samaki si majina ya maua tu. Kila moja linaeleza namna nyuzi zilivyopangwa na zilivyopishana. Ukijua kuhoji nyuzi, huna haja ya kukariri picha. Maswali ni matatu, na yana mpangilio wake: rangi iliingia kabla ya kufuma au baada? Nyuzi zimepishana vipi? Na rangi zimefuatana kwa hesabu gani?

Vyombo havina gharama. Sindano, futi ya kupimia, na lenzi. Kama huna lenzi, kamera ya simu iliyosogezwa karibu inatosha. Kaa mlangoni penye mwanga wa jua, kwani taa ya dukani huficha mengi.

Kwanza: rangi iliingia lini?

Kugeuza kitambaa nyuma ni mwanzo tu, wala hakutoshi kutoa hukumu. Kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za rangi huwa na rangi zenye nguvu ile ile mbele na nyuma, na cha chapa mara nyingi hupauka nyuma. Ila kipo cha chapa kilicho chepesi, hasa cha rayoni, ambacho wino hupenya hadi ng'ambo. Kanga nzuri nayo ukiigeuza huoni tofauti kubwa, na kanga ni chapa tangu pindo hadi mji.

Ushahidi usiokanushika ni uzi wenyewe. Nenda kwenye ukingo uliokatwa, si ule wa kiwandani, uchokonoe uzi mmoja kwa sindano na uuvute polepole mpaka upate urefu wa kidole. Uweke juu ya karatasi nyeupe. Kama ni mweusi mwanzo hadi mwisho, ulitiwa rangi kabla ya kuingia kwenye mtambo, kitambaa kimefumwa. Kama una nyeusi, kisha nyeupe, kisha nyeusi tena kama mkia wa ngawa, basi kilifumwa cheupe, chapa ikaja juu.

Chomoa uzi wa pili wa upande mwingine, ule unaokatana na wa kwanza. Usiruke hatua hii. Vitambaa vingine vina nyuzi za rangi upande mmoja tu, na ukitazama uzi mmoja utadhani umemaliza.

Jaribu nyumbani kwa kitenge na kikoi. Uzi wa kitenge utatoka na madoa. Uzi wa kikoi utatoka na rangi moja, kwa sababu ile mistari ya pindoni imefumwa.

Uzi wa mteja wangu ulitoka na madoa. Hapo swali la kwanza likawa limejibiwa, lakini hilo halikuwa na maana kuwa kitambaa ni kibaya. Lilikuwa na maana kwamba kuna hitilafu nyingine ya kuangalia, nami nitaifikia.

Pili: nyuzi zimepishana vipi?

Nyuzi zinazokwenda na urefu wa kitambaa, sambamba na ukingo wa kiwandani, ndizo mtande. Zinazokatiza kutoka ukingo hadi ukingo ni mshindio. Ukiwa na kipande cha mitumba kisicho na ukingo, kivute pande zote mbili. Mara nyingi upande wa mshindio huachia kidogo zaidi, na wa mtande hukaza.

Sasa sogeza lenzi. Kwa maua tunayozungumzia hapa, unatafuta jibu moja kati ya mawili.

La kwanza ni mfumo wa moja juu, moja chini. Mshindio unapita juu ya mtande mmoja, chini ya unaofuata, juu tena. Huu ndio mfumo wa merikani, na wa shuka nyingi za kitandani. Kitambaa huonekana kama vitone vilivyopangwa sawasawa, hakina mstari wa kulala upande wowote.

La pili ni mfumo wa mshazari. Uzi hupita juu ya mbili, chini ya mbili, na kila mstari unaofuata husogea hatua moja pembeni. Kusogea huko ndiko kunakozaa mistari iliyolala kama mvua ya upepo. Aliyewahi kukaa karibu na bibi anayesuka ukili ameshauona: miyaa ikiruka miwili miwili, mkeka hujichora ngazi. Suruali ya jinzi nayo ni ya mshazari, ila yake ni juu ya tatu chini ya moja, ndiyo maana nje ni buluu na ndani kumepauka. Mshazari wa mbili kwa mbili haupendelei upande. Nyuma na mbele ni sawa, isipokuwa mistari hugeuza mwelekeo ukikipindua kitambaa.

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na mimi nilikosea miaka. Mshazari wa kufumwa upo pia ndani ya sehemu zenye rangi moja. Chagua mraba mweusi mtupu, uulaze kwenye jua kwa pembe, na upapase kwa ukucha. Kama mistari ya kulala ipo hata pale pasipo na rangi ya pili, ni mfumo. Kama mistari inaonekana pale tu rangi mbili zinapokutana, na penye rangi moja kuna vitone vya moja juu moja chini, basi mshazari huo umechorwa.

Tatu: hesabu rangi

Sasa hesabu nyuzi. Choma sindano mwanzo wa rangi nyeusi, hesabu hadi inapokwisha, andika. Hesabu nyeupe, andika. Endelea mpaka mpangilio urudie. Kisha fanya vivyo hivyo kwa upande wa mshindio.

Chukua nyuzi nne nyeusi na nne nyeupe, kwenye mtande na kwenye mshindio pia. Zifume kwa moja juu, moja chini. Utapata hivi, alama ya # ikiwa ni nyeusi na nukta ikiwa ni nyeupe:

```
####.#.#
#####.#.
####.#.#
#####.#.
#.#.....
.#.#....
#.#.....
.#.#....
```

Pale nyeusi ilipokutana na nyeusi pamekuwa mraba mzito. Nyeupe na nyeupe, mraba mtupu. Nyeusi na nyeupe zilipokutana zimechanganyika vitone vitone, jicho likaona kijivu. Hiyo ndiyo gingamu: rangi mbili, lakini vivuli vitatu, na kila mraba una kingo zilizonyooka. Kwa kawaida gingamu huwa na nyuzi nyingi zaidi ya nne kwa kila mstari, lakini kanuni haibadiliki.

Sasa chukua nyuzi zile zile, hesabu ile ile ya nne kwa nne, usibadilishe hata uzi mmoja. Badilisha mfumo tu, uwe mshazari wa mbili kwa mbili:

```
####..##
#####..#
######..
####.##.
##......
.##.....
..##....
#..#....
```

Mraba mweusi ungalipo, na mweupe ungalipo. Lakini pale rangi mbili zinapokutana, vitone vimegeuka mistari ya kulala, na mistari hiyo imejishikiza kwenye pembe za mraba mweusi. Mraba umeota mikia. Panga vipande hivi vingi pamoja, na utaliona jino la mbwa, ambalo Waingereza waliliita kwa jino la mbwa wao wa kuwindia. Lina historia yake kwenye sufu ya Uskoti, na wala hakuna aliyekaa akalichora. Lilijitokeza lenyewe kutokana na hesabu ya nyuzi.

Kwa nini nne? Kwa sababu mshazari wa mbili kwa mbili hukamilisha mzunguko wake katika nyuzi nne. Nne kwa nne inatoa mzunguko mmoja tu ndani ya kila mraba, kwa hiyo kila jino linapata mikia michache iliyo wazi. Ukiongeza ziwe sita au nane, mistari ya kulala inakuwa mingi ndani ya mraba wa kati, ule ambamo rangi mbili zinakutana, umbo la jino linafifia, na unabaki na miraba yenye michirizi. Hiyo ni drafti ya wachungaji, ndugu mkubwa wa jino la mbwa. Na ukichanganya kwenye kitambaa kimoja eneo la nne kwa nne na eneo la mbili mbili, unapata ile drafti ya kijivu yenye miraba mikubwa ya kivuli, ambayo suti za wazee wetu wengi zilishonewa.

Basi ukiambiwa kitambaa ni jino la mbwa cha kufumwa, una mambo matatu ya kuthibitisha: uzi una rangi moja, mshazari upo hata ndani ya mraba mweusi, na hesabu inatoka nne na nne pande zote mbili. Jino likiwa kubwa kama kiganja cha mkono, halikutokana na nyuzi nne za kawaida. Hilo ama limechapwa, ama limefumwa kwa mtambo unaoongoza kila uzi peke yake, ama limefumwa kwa sindano kama sweta. La mwisho utalijua kwa kuvuta: linanyumbuka, na ukilitazama kwa lenzi unaona vitanzi, huoni mtande wala mshindio.

Gingamu iliyochapwa nayo ina kosa lake. Tazama mraba wa kati, ule wa rangi hafifu. Kwenye gingamu ya kweli, lenzi itakuonesha vitone vya rangi mbili, tuseme buluu na nyeupe, vikipokezana. Kwenye ya chapa, mraba huo ni buluu hafifu iliyopakwa sare, na hata ukiusogelea vipi hupati kitone cheupe.

Miiba ya samaki

Pambo hili halihitaji rangi ya pili, na ndiyo maana wanunuzi wengi huliruka bila kuliona. Koti jeusi la mitumba likiwa limetulia kwenye kiango linaweza kuonekana jeusi tu, mpaka uliweke juani.

Ni mshazari uleule, ila mfumaji ameugeuza. Nyuzi kadhaa za mtande mistari inalala kulia, kisha inalala kushoto, kisha kulia tena. Zinajipanga safu zinazoshuka na urefu wa kitambaa, kama uti wa samaki na miiba yake. Anayekula dagaa kila siku haambiwi zaidi.

Lakini ipo mifumo miwili inayofanana. Sogeza lenzi pale safu mbili zinapokutana. Kama mstari wa kulia unagusa wa kushoto na kufanya ncha kamili, kama paa la makuti lilivyokutana mgongoni, hiyo ni zigizaga ya ncha. Miiba ya samaki ya kweli haifanyi ncha. Kwenye mpaka, mistari imekatwa na kusogezwa: mstari wa kulia unaishia kwenye nafasi iliyo kati ya mistari ya kushoto. Unaona mfereji mwembamba uliokatika ukishuka kutoka juu hadi chini. Mfumaji huufanya kwa kupindua nyuzi za mpakani, ile iliyokuwa juu ikaenda chini, na faida yake ni kwamba hakuna uzi unaoruka mrefu pale kwenye ncha na kuja kunaswa na pete au msumari.

Kwa fundi, mfereji huo ni rula ya bure. Unafuata mtande, basi weka mstari wa katikati ya kipande cha mgongo juu yake na hutakata kombo.

Tartani, na kwa nini si kila shuka ni tartani

Tartani ina sharti mbili. Mpangilio wa rangi wa mtande ni ule ule wa mshindio, na kwa kawaida mpangilio huo hujirudia kama kioo: unakwenda hadi rangi fulani, unageuka, unarudi ulikotoka.

Tuseme umehesabu mtande wa sketi ya mitumba ukapata nyekundu 20, kijani 8, njano 2, kijani 8, nyekundu 20. Njano ni egemeo moja, maana kushoto na kulia kwake kunafanana. Egemeo la pili liko katikati ya nyekundu. Sasa hesabu mshindio. Ukikuta nyekundu 20, kijani 8, njano 2, umeshika tartani. Ukikuta mshindio wa rangi nyingine au hesabu nyingine, ni drafti ya kawaida. Zipo tartani chache zisizogeuka kama kioo, kwa hiyo sharti la kwanza lina uzito zaidi.

Kisha hesabu vivuli. Rangi tatu zikikatana zenyewe kwa zenyewe na zikichanganyika mbili mbili, huzaa vivuli sita. Rangi nne huzaa kumi, na sita huzaa ishirini na moja. Hesabu yake hii hapa, n ikiwa idadi ya rangi za nyuzi:

```
n × (n + 1) / 2
```

Hesabu hii huumbua chapa ya bei rahisi, kwani mchoraji mvivu huacha vivuli vya kati. Nimewahi kushika tartani ya chapa yenye nyekundu, kijani na njano, lakini pale njano ilipokatiza kijani palikuwa njano tupu. Uzi hauwezi kufanya hivyo. Kwenye tartani ya kufumwa njano ikikatiza kijani, lazima uone mistari midogo ya kulala, njano na kijani zikipokezana, kwa sababu tartani kwa kawaida ni mshazari wa mbili kwa mbili.

Zile shuka nyekundu zenye mistari ya buluu au nyeusi wanazojifunga vijana wa Kimasai kule Nungwi na Paje, wageni huziita tartani papo hapo. Usiseme ndiyo wala hapana kabla ya kuhesabu. Nyingine mtande na mshindio vinalingana, nyingine havilingani.

Uskoti wana daftari la serikali la tartani, lililofunguliwa mwaka 2009, linaloandika mpangilio wa nyuzi wa kila moja. Ni jambo la kufikirisha kwamba wanachoandika humo ni rangi na hesabu, vile vile ulivyoandika wewe kwa sindano na kalamu.

Korosho

Hapa mbinu zote za juu zinapungua nguvu, kwa sababu korosho ni umbo na halitokani na mfumo. Ni lile tone lililopinda kichwa, ambalo sisi kwenye kanga tunaliita korosho tangu zamani, na ambalo Wazungu wanaliita kwa jina la Paisley, mji wa Uskoti. Umbo lilitoka Uajemi na Kashmiri. Paisley waliiga tu shali za Kashmiri, kuanzia mwanzoni mwa karne ya 19, wakauza nyingi kiasi kwamba jina likawagandia.

Kulitambua umbo ni kazi ya dakika. Swali lenye thamani ni limewekwaje, nalo hujibiwa nyuma ya kitambaa.

Kwenye kanga na vitambaa vya magauni, nyuma kuna umbo lile lile, tambarare, na uzi ukichomolewa una madoa. Hiyo ni chapa. Kwenye shali iliyofumwa kwa mtambo, nyuma utakuta nyuzi zinazoelea: rangi isiyotakiwa mbele inapita nyuma ikisubiri zamu yake, na wakati mwingine imekatwa ikaacha manyoya mafupi. Shali ya Kashmiri ya kufumwa kwa mkono haina nyuzi ndefu za kuelea, kwani kila rangi hufumwa ndani ya eneo lake tu na kushikana na jirani yake, kwa mfumo wa mshazari. Nayo ya kudarizi utaijua kwa mishono iliyokaa juu ya kitambaa. Nyuma kuna vifundo na mikato isiyofuata mtande wala mshindio. Ukipata nafasi ya kushika kilemba cha sufu cha mzee wa Kiomani, kipindue pindo lake kwa adabu uone ni kipi kati ya hivyo.

Kurudi kwa kitambaa cha Idi

Sasa ile hitilafu. Kitambaa cheupe kinapoingia kwenye mashine ya chapa kikiwa kimevutika upande, maua hukaa kombo na nyuzi. Cha kufumwa nacho huweza kupinda, lakini maua na nyuzi hupinda pamoja. Ukikivuta kwa pembe, ukakilowesha na kukipiga pasi, vyote hurudi sawa. Cha chapa huwezi kukinyoosha. Ukinyoosha nyuzi, maua yanapinda. Ukinyoosha maua, nyuzi zinapinda.

Kupima ni hivi. Chomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka ukingo hadi ukingo, ubaki mfereji mwembamba. Weka sindano pale mfereji unapogusa safu fulani ya maua ukingo wa kushoto. Fuata mfereji hadi kulia, na upime safu ile ile imeuacha kwa kiasi gani. Kwa mama huyu, safu ilikuwa imepanda inchi moja na nusu katika upana wa inchi 58.

"Inchi moja na nusu ndiyo nini, fundi?"

Nikamchorea kwenye karatasi ya kitambaa chake. Kipande cha mbele cha sketi yake kilikuwa upana wa inchi 20. Moja na nusu mara 20, gawa kwa 58, inakuja kama nusu inchi. Kila jino lilikuwa na inchi moja. Maana yake, kutoka nyonga hadi nyonga maua yangepanda nusu jino, na kwenye mshono wa ubavuni yangegombana na ya nyuma. Njia ya mkato ingekuwa kukata kwa kufuata maua na kusahau nyuzi. Inapendeza siku ya kwanza. Baada ya kufuliwa mara mbili tatu, sketi huanza kujisokota mwilini na mshono wa ubavu unakuja mbele.

Tulikata kwa kufuata nyuzi. Badala ya vipande viwili vipana, nikagawa sketi vipande sita, kila kimoja kama inchi nane kiunoni kabla ya kupunguzwa. Katika inchi nane kombo ni kama sehemu ya tano ya inchi, na jicho haliioni ndani ya kipande. Kwenye mishono ingeonekana, kwa hiyo nikapitisha paipini nyeusi kila mshono. Mstari mweusi unakata maua na jicho halipati cha kulinganisha. Koti nililikataa. Koti lina mikono, kola na mifuko, na kila kimoja kinataka maua yalingane na ya mwili. Tukanunua kitambaa cheusi kitupu, na wari iliyobaki ya jino la mbwa ikawa ukosi na vifuniko vya mifuko.

Alilipia paipini na kitambaa cheusi juu ya gharama yake ya kwanza, na hakufurahi, wala simlaumu.

Tangu hapo, anayeagiza kutoka Unguja kwa WhatsApp ninamwambia asikubali ile picha moja ya kitambaa kimetandazwa juu ya meza. Maua madogo ya drafti yakipigwa picha kwa mbali, skrini ya simu huyachanganya, na utaona mawimbi na mistari ya kupinda ambayo kwenye kitambaa haimo. Mwambie mwenye duka akupigie picha tatu. Moja ya karibu, sarafu ya shilingi 200 ikiwa pembeni, ili ujue ukubwa wa ua. Ya pili, kona imepinduliwa, mbele na nyuma vionekane pamoja. Na ya tatu, kitambaa kimekunjwa ukingo juu ya ukingo, ili uone kama safu ya maua ya kushoto imeiangukia ile ile ya kulia. Hii ya tatu haina uhakika kama ya kuchomoa uzi, lakini kombo la inchi moja na nusu haliwezi kujificha hapo.